Vipimo vyangu ni sahihi, mbona gauni linanibana?

*Fundi, nilipima kifua nikapata sentimita 102, nyonga 112. Mtandaoni XL imeandikwa 104 na 114, nikaagiza. Zipu inapanda kwa tabu, na nikikaa nahisi mshono utaachia. Nilikosea wapi? — Msomaji, Likoni*

Dada yangu, tepu yako haikukosea. Ulilinganisha mwili na nguo. Jedwali la aina hiyo hupima gauni lenyewe likiwa limetandazwa mezani, kwa hiyo ulibakiwa na nafasi ya sentimita 2 tu mwili mzima. Viwanda vingi hukiri chini ya jedwali kwamba kipimo kinaweza kupungua au kuzidi kwa sentimita 2 au 3, basi hata hizo 2 huenda hukuzipata. Na mtu akikaa, nyonga hutanuka.

Utalijuaje jedwali? Likiandikwa Body Measurements, tafuta namba za mwili wako. Likiwa Product Measurements, ni nguo. Lisipoandikwa lolote, angalia safu zake: namba moja moja, pamoja na urefu wa gauni na wa mkono, mara nyingi ni za nguo. Namba za kuanzia na kuishia, kama 98–102, kwa kawaida ni za mwili.

Kwa jedwali la nguo, weka tepu ya mwili kando. Chukua gauni lako linalokukaa vizuri, la kitambaa kisichovutika, lilaze sakafuni, pima kwapa hadi kwapa. Tuseme umepata 55. Mara mbili ni 110. Nyongani 60, yaani 120. Hizo ndizo namba za kutafuta. Ikiwa 2XL ni 108 na 118, na 3XL ni 112 na 122, chukua 3XL, wala herufi zisikutishe. Kitambaa chenye spandeksi asilimia 5 kinaweza kukusamehe kidogo. Cha poliesta tupu kilichofumwa bapa hakisamehi.

Hapo hapo soma kitambaa, maana joto letu la Kaskazi unalijua. Satini na shifoni ni majina ya ufumaji na aina ya kitambaa, si ya uzi. Nyingi siku hizi ni poliesta, ambayo hainywi jasho. Soma pia mstari wa Lining, yaani bitana. Gauni la pamba lenye bitana ya poliesta litakushikana mgongoni kabla hujavuka feri.

Kwenye maoni ya wanunuzi, nyota zisikushughulishe sana. Tafuta aliyetaja kimo, uzito na saizi aliyochukua, akaweka na picha yake. Watatu wenye umbo kama lako wakisema linabana kifuani, waamini kuliko jedwali.

Ukisita kati ya saizi mbili, chukua kubwa. Nguo za kiwandani huachiwa takriban sentimita 1 tu ndani ya mshono, kwa hiyo gauni kubwa nitakupunguzia pembeni, lakini dogo sina pa kulifungulia.