Broila mia moja nyuma ya nyumba: faida inapotea usiku wa kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kuku, hii naiandika kwa sababu mvua za msimu huu zimenionyesha vijana watatu wa hapa mtaani kwetu Bombo, Uganda, wanarudia kosa lile lile, na kila mmoja anasema aliuziwa vifaranga wabovu. Siongelei kienyeji wala leya, naongelea broila mia moja, kuku wa nyama, bechi ambayo mtu mwenye kazi nyingine anaweza kuiangalia asubuhi na jioni akapata kitu cha kuongezea.

1. Fanya hesabu ya chakula kabla ya kuita fundi. Karibu kila anayeanza anamaliza pesa kwenye tofali na mabati, halafu wiki ya tatu anaanza kukopa chakula cha vifaranga, starter. Chukua banda kama lipo, drinka za maji na fida za chakula kama zipo, tupige bechi yenyewe. Tuseme kifaranga ni shilingi 3,000 za Uganda, mia moja ni laki tatu. Broila wa kufika kilo mbili na kidogo anakula kama kilo nne za chakula mpaka wiki ya sita, ukibaki na 95 hiyo ni kilo 380, na kama kilo ni 2,200 umetumia 836,000. Mkaa, maganda ya kahawa ya kutandika, chanjo na dawa weka 150,000. Jumla 1,286,000. Ukiuza 95 kwa 15,000 unapata 1,425,000, kwa hiyo mkononi inabaki 139,000. Bei zinapanda na kushuka, wewe weka za kwenu, lakini utaona chakula peke yake kinakula karibu theluthi mbili ya pesa yote. Kama hiyo 836,000 huna njia ya kuipata, punguza uanze na hamsini.

2. Bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, iwe moto KABLA hawajafika. Hapa ndo nataka mnisikilize kabisa. Kuna kijana mmoja jirani, mchapakazi, banda lake zuri kuliko la kwangu. Vifaranga wake walitoka Kampala na taksi, wakafika jioni mvua inanyesha, ndo akaanza kutafuta mkaa. Kawasha sigiri moja, jiko la mkaa, kaweka katikati ya chumba, balbu moja juu, kisha kamwaga vifaranga chini kwenye maganda ya kahawa ambayo yalikuwa yamelala kwenye sementi baridi tangu juzi. Hewa ya juu ilikuwa na joto, ukisimama pale unasema sawa, lakini kifaranga anaishi chini na sakafu ilikuwa inamnyonya joto miguuni. Usiku wakakimbilia kona moja, wakapandana. Asubuhi kwenye ile kona wamelala 9, bapa kabisa, wale wa chini.

Akanipigia, "Kaka, njoo uone, hawa walitoka huko wagonjwa." Nikaenda, nikaokota mmoja aliye hai nikaweka miguu yake shavuni kwangu, baridi kama chuma. Nikashika kile kifuko cha chakula chini ya shingo, hakuna kitu, na chakula kimejaa kwenye fida. Kifaranga akipata baridi haendi kula wala kunywa, anatafuta mwenzake ajibane. Anaishi kwa kile kiini cha yai kilichobaki tumboni, na hicho ni cha siku mbili tatu tu. Ndo maana waliendelea kufa siku ya nne na ya tano hata baada ya joto kurekebishwa, wengine kinyesi kimeganda nyuma, na yeye akakimbilia kununua antibayotiki, wakati antibayotiki haimpi kifaranga joto.

Mwisho alibaki na 80, na hao 80 hawakulingana, wengine wakubwa wengine kama njiwa, ikabidi awaweke wiki moja zaidi. Wiki hiyo moja walikula kama kilo 84, yaani 185,000 juu ya hesabu. Weka vifaranga 300,000, chakula cha wiki sita 704,000, yale mengine 150,000, ongeza hiyo wiki, ni 1,339,000. Kauza 1,200,000. Faida ya 139,000 imegeuka hasara ya 139,000, na kwa sehemu kubwa mambo yaliharibika usiku mmoja.

Sasa inavyofanywa. Vifaranga mia moja wanataka duara la upana wa mita moja na nusu hivi, tumia mabati laini au maboksi, kona zisiwepo kabisa ili wakikimbia wasipate pa kupandana. Chini tandika maganda ya kahawa makavu unene wa vidole vitatu vinne, yakinuka ukungu usiyalete, yanawaua kwa mapafu. Washa moto siku moja kamili kabla ili sakafu yenyewe ipate joto. Themomita iwe chini, usawa wa mgongo wa kifaranga, isome 32 mpaka 34 wiki ya kwanza, kisha shusha kama digrii tatu kila wiki. Wakifika, maji kwanza, na chakula cha mwanzo mwaga juu ya karatasi wakione.

3. Themomita isikupumbaze, waangalie wenyewe. Wakijazana chini ya moto wana baridi. Wakienda mbali wametanua mabawa na kuhema mdomo wazi, ni joto limezidi. Wakihamia wote upande mmoja kuna upepo unapiga kutoka upande wa pili, tafuta tundu. Wakiwa wametawanyika na sauti ni ya chini chini, nenda kalale. Kabla ya kulala ile siku ya kwanza shika kama ishirini, kila mmoja kifuko kiwe kimejaa na laini. Kama wanne watano ni watupu, usilale, kuna kasoro kwenye moto, maji au mwanga.

4. Mkaa uwashie nje mpaka moshi uishe na uwe mwekundu wote ndo uingize, sigiri ikae juu ya tofali. Halafu tafadhali acha nafasi ya hewa juu ya ukuta. Nimeona mtu kaziba kila tundu kwa turubai kwa kuogopa baridi, na mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua vifaranga na inaweza kukuua wewe pia ukilala humo ndani kuwalinda.

5. Chanjo ya Gumboro na Nyukaso fuata ratiba uliyopewa na wenye vifaranga, ibebe kwenye barafu, na usiichanganye na maji ya bomba yenye klorini. Nyima maji saa moja au mbili kwanza ili wainywe yote haraka.

6. Wanunuzi anza kuwatafuta wiki ya nne, sio wiki ya sita. Wenye chipsi, wenye hoteli ndogo, mama mwenye shughuli ya harusi, waulize wanataka wangapi na siku gani. Broila akishafika uzito, kila siku anayobaki kwako anakula gramu 150 na zaidi, kwa bei ile ya juu hiyo ni kama 330 kwa kuku mmoja, na kwa kuku 95 ni zaidi ya 31,000 kwa siku. Siku nne za kusubiri mteja anayesema "nakuja kesho" zinatosha kumaliza karibu faida yote, kwa hiyo mwenye 14,500 leo mpe.