Tangazo la nyumba ya wageni Bwiru

"Maelezo nimeandika marefu na mazuri, mbona hawafungui tangazo langu?"

Dada, maelezo hayo hawajayafikia. Mtu akitafuta mtandaoni, anachokiona kwenye orodha ni picha moja, kichwa cha habari, mahali na bei. Hapo ndipo anapoamua kufungua au kupita. Nimepangisha vyumba Kirumba miaka kadhaa na picha ya kwanza ndiyo iliyonisumbua zaidi. Nilipiga nikielekea dirisha la ziwani, chumba kikatoka cheusi. Nikarudia asubuhi, dirisha likiwa mgongoni, simu nimeilaza, usawa wa kifua. Kitanda kiweke katikati, maana mtandao hukata kingo za picha.

Kichwa chako "Karibu sana kwenye nyumba nzuri ya kisasa..." kinakatika kwenye simu kabla hujataja kitu. Anza na kinachotafutwa: "Vyumba 2, maji muda wote, Bwiru". Kama maji yana mgao, usiyataje.

Mahali usiandike Mwanza tu, na kagua alama ya ramani. Yangu ilikaa katikati ya mji, wageni wakanitafuta huko.

Kaka wa hapo juu anayesema shusha bei yuko sahihi nusu, kwani nayo huonekana pale kwenye orodha. Ila badili picha kwanza, uone wiki mbili. Wakifungua bila kuweka nafasi, tatizo liko ndani ya tangazo au kwenye bei.

Aliyeuliza kuhusu kutangaza fremu ya duka Igoma: kwako picha ianze na barabara iliyo mbele ya mlango.