Kang'atwa Wapi Kwingine?

Wewe uliyepangiwa chumba cha dresingi wiki hii, mgonjwa wako wa kwanza wa kung'atwa na mbwa atakuja na kidonda kimoja kilichofungwa kitambaa, nawe utakitazama hicho hicho. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza. Binti mdogo alikuwa kang'atwa mkononi, nikaosha mkono, nikachoma imunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari, pale mkononi, nikampa chanjo ya kichaa cha mbwa, nikamruhusu. Kesho yake mama yake akarudi naye. Alipokuwa akimfumua nywele alikuta matundu mawili ya meno nyuma ya sikio, damu imegandamana na mafuta ya nywele. Kwa bahati kipimo chake cha imunoglobulini kilikuwa hakijaisha, tukakiingiza kilichobaki pale nyuma ya sikio. Tangu siku hiyo mtoto aliyeng'atwa simwachi mpaka nimempekua kichwani, kwapani na katikati ya vidole.

Nikueleze kisa kimoja, ndicho kitakachokuonyesha kazi yenyewe. Asubuhi moja shangazi mtu alimleta mvulana wa miaka 5. Mbwa wa jirani alimrukia jioni iliyotangulia, akamng'ata shavuni na kwenye kidole cha shahada. Walikuwa wamepaka mafuta ya taa.

"Mbwa mwenyewe nyie mnamjua, shangazi?"

"Tunamjua, daktari. Ni wa jirani, mpole kabisa, hata chanjo kapigwa."

"Leo asubuhi mmemwona?"

Akanyamaza kidogo. "Hajarudi tangu jana. Na kabla ya mtoto alimng'ata mbuzi."

(Mimi ni muuguzi, si daktari, lakini usipoteze muda kusahihisha hilo.) Ona jinsi majibu mawili yalivyogeuza hadithi. Mbwa mpole aliyebadilika ghafla, aliyeng'ata bila kuchokozwa, akang'ata zaidi ya kiumbe kimoja kisha akatokomea, huyo mchukulie ana kichaa. Neno la mwenye mbwa kwamba amechanjwa lisikuzuie kuanza. Mbwa mzima anayeonekana nyumbani anaweza kufungwa na kuangaliwa siku 10, lakini chanjo ya mgonjwa haisubiri siku hizo. Inaanza leo, na siku ya 10 mbwa akiwa bado mzima ndipo unaweza kusimamisha sindano zilizobaki, kama zipo. Kipindi hicho ni cha mbwa na paka tu. Usikitumie kwa mbweha, nyani wala popo.

Kabla ya kuandika chochote kwenye rejista nilimpeleka mtoto bombani. Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, na utazame saa ya ukutani, kwa sababu mtoto akilia dakika 3 zinakuwa kama nusu saa. Virusi vya kichaa vimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni ndiyo inayouvunja, wakati maji yanavisukuma nje ya jeraha. Kwenye tundu la jino usipitishe maji juu juu. Lifungue kwa vidole ulivyovalia glavu, maji yaingie. Pasipo bomba, mtu mmoja amimine kwa kata na mwingine aoshe. Mafuta ya taa, majivu, pilipili, chochote walichopaka, kitoke. Ukimaliza paka povidoni ayodini. Hata aliyeng'atwa juzi na hakuoshwa, muoshe leo.

Ndipo unaamua kundi. Aliyemshika au kumlisha mnyama, au kalambwa kwenye ngozi nzima, hana haja ya sindano. Kundi la pili, aliyedonolewa kidogo kwa meno au kukwaruzwa bila damu, anapewa chanjo. Ngozi ikipenyezwa, au mate yakigusa jicho, mdomo au kidonda kibichi, au ikiwa ni popo, anapewa chanjo pamoja na imunoglobulini. Ukubwa wa jeraha haumo humo. Vijana wengi wanaona tundu dogo kama la sindano wanasema ni mchubuko, na tundu hilo ndilo lililopeleka mate ndani ya nyama. Na mwenye kinga dhaifu, kwa mfano anayeishi na VVU na kinga yake imeshuka sana, hata kundi la pili mpe imunoglobulini.

Kwa nini vyote viwili? Chanjo inaufundisha mwili kutengeneza kingamwili, na hilo linachukua siku 7 hivi au zaidi. Siku hizo virusi vimekaa pale jerahani, vikitafuta mshipa wa fahamu wa kupanda nao hadi ubongoni. Imunoglobulini ni kingamwili zilizotengenezwa tayari, zinavikamata pale pale vilipo. Kwa hiyo ukiichoma takoni umeiweka mbali na adui. Shavu liko karibu na ubongo, kidole kimejaa mishipa ya fahamu, na mvulana wetu alikuwa na vyote viwili.

Alikuwa na kilo 18. Dawa tuliyokuwa nayo ni ile inayotokana na farasi, ambayo kipimo chake cha juu ni yuniti 40 kwa kilo, kwa hiyo 720. Chupa iliandikwa yuniti 200 kwa mililita, ikawa mililita 3.6. (Ile ya binadamu ni yuniti 20 kwa kilo. Soma chupa kila mara, usikariri.) Shavuni niliingiza kuzunguka kila tundu na ndani yake, taratibu, mpaka nyama ikaanza kujaa. Kidoleni nilitia kidogo tu, kwa sababu kidole hakina nafasi, na ukilazimisha unabana damu isifike nchani. Kilichobaki sikukipeleka pajani. Majeraha yangekuwa mengi na dawa haitoshi, ningeiongeza maji chumvi ya dripu ifike kila mahali. Adrenalini iwe karibu, mzio ukitokea, na mgonjwa abaki mbele ya macho yako kwa muda.

Shangazi alitaka shavu lishonwe, kovu lisionekane. Nilikataa siku hiyo. Ikibidi kushona, imunoglobulini iingie kwanza, usubiri saa kadhaa, na nyuzi ziwe chache na zilegee.

Chanjo nilimpa ndani ya ngozi, mililita 0.1 kila bega, siku ya 0, ya 3 na ya 7. Ukiichoma sawasawa kinatokea kivimbe kidogo cheupe chenye vishimo kama ganda la chungwa. Kisipotokea, umepita chini ya ngozi, choma tena pembeni. Kwa anayechomwa kwenye msuli ni bega, au paja la mbele kwa mtoto mdogo, kamwe si takoni.

Siku nyingine imunoglobulini haipo. Osha, anza chanjo hapo hapo, mpe rufaa yenye tarehe ya sindano ya kwanza, maana baada ya siku 7 tangu hiyo ya kwanza haipewi tena: mwili umeshaanza kujitengenezea. Aliyewahi kumaliza chanjo ya kichaa zamani haihitaji imunoglobulini kabisa, anapata sindano ya siku ya 0 na ya 3.

Mvulana alirudi siku zote mbili zilizobaki, shavu limeanza kukauka. Siku ya 3 shangazi alileta habari kwamba mbwa kaonekana amekufa korongoni, na watoto wamemzunguka. Nilimpigia afisa mifugo achukue kichwa kwa uchunguzi, kisha nikaomba majina ya watoto wote waliomgusa.