Klorini inasoma 3 lakini bwawa ni kijani, tatizo liko wapi

Wadogo zangu mnaoanza hii kazi ya mabwawa ya kuogelea, kuna swali moja lazima mtapigiwa simu nalo: "fundi, klorini tumepima ipo, mbona maji yamegeuka kijani?" Wengi wanakimbilia kuongeza dawa, wanamwaga ndoo nzima ya klorini ya TCCA 90, wiki ijayo kijani imerudi tena.

Ukipima ukaona 3, yaani miligramu 3 kwa kila lita ya maji, hiyo ni klorini iliyopo, haimaanishi yote inafanya kazi. Kitu cha kwanza kinachoifunga ni pH, kipimo cha uasidi wa maji. Kwenye 7.2 kama thuluthi mbili ya klorini iko katika ile hali kali inayoua mwani na vijidudu, ikipanda 8 inabaki kama robo tu, iliyobaki ipo lakini ni mvivu. Ndo maana pH tunaiweka kati ya 7.2 na 7.6, na ndo maana ukikuta bwawa la kijani unashusha pH kwanza kwa asidi, klorini baadaye. Ukianza na klorini, kile kimiminika chekundu cha kupimia pH kinakudanganya, klorini ikiwa nyingi sana kinageuka zambarau unadhani pH imepaa kumbe hapana.

Kitu cha pili ndo wengi hawakijui, stebilaiza. TCCA 90 inakuja nayo ndani. Kazi yake ni kuikinga klorini na jua, na kwa jua letu bila stebilaiza kabisa klorini ya asubuhi mchana haipo, kwa hiyo 30 mpaka 50 ni nzuri. Shida ni kwamba klorini inatumika inaisha, stebilaiza yenyewe haiishi, inabaki inajilimbikiza, na ikizidi inaishikilia klorini mpaka haina nguvu.

Chukua bwawa la gesti, mita 10 kwa 5, kina cha wastani mita 1.5, hapo ni lita 75,000. Mhudumu anaweka gramu 150 za TCCA kila siku, klorini inapanda kama 1.8, sawa kabisa, lakini stebilaiza nayo inapanda kama 1 kila siku. Miezi mitano maji hayajabadilishwa, yanaongezwa tu yanapopungua, unaongelea stebilaiza ya 100 na kitu, inaweza kugonga 150. Kwenye 150 unahitaji klorini karibu 11 ya kila siku ndo mwani usiote, yeye anashikilia 3 kama alivyofundishwa. Mvua ikinyesha wikiendi moja tu, kwisha.

Testi kiti nyingi za rangi mbili hazipimi stebilaiza, tafuta kile kichupa chenye nukta nyeusi chini, unachanganya maji na dawa yake unamimina taratibu mpaka nukta ipotee, unasoma hapo.

Dawa yake ni kutoa maji, hakuna kemikali ya kawaida ya kuitoa. Hapo kwenye 150 toa thuluthi mbili ujaze upya, inashuka 50. Usikaushe bwawa lote hasa masika, maji ya ardhini yakiwa juu yanaweza kulinyanyua au kulipasua. Kisha shusha pH 7.2, sugua kuta na ngazi zote, jioni jua likizama weka klorini ya unga ya 65%, ile isiyo na stebilaiza, kama kilo 2 na robo, itakupa karibu 20. Pampu itembee usiku kucha. Pima usiku, pima tena kabla jua halijachomoza, ikiwa imeshuka zaidi ya 1 mwani bado upo, irudishe 20 uendelee. Watu wasiogelee mpaka ishuke 4 hivi, na hiyo 4 ndo ya kushikilia kila siku.

Kati hapo maji yatakuwa meupe kama yana maziwa, mteja ataogopa, ni mwani uliokufa tu. Hiyo ni kazi ya filta, sio ya dawa. Presha ya filta ikipanda piga bakiwoshi, yaani pitisha maji kinyume kuisafisha, kwa filta ya mchanga nzuri siku chache yanakaa sawa. Ila yakiwa meupe mara tu baada ya kuweka soda ashi ya kupandisha pH, hasa maji ya kisima yenye chumvichumvi, hiyo ni chokaa imejitenga, shusha pH. Na kijani ambayo unaona mpaka chini, maji hayana ukungu wala kuta hazitelezi, hiyo ni shaba au chuma, mara nyingi ya kisima au ya mrututu uliomwagwa, klorini haitaiondoa.

Halafu kijiko cha TCCA kisiingie kwenye ndoo ya ile ya 65%, hata kama kimekauka. Zikikutana zinashika moto, zinaweza kulipuka. Na asidi ikae mbali na zote mbili, zikichanganyika gesi yake inaua.