Barua ya kurejesha malipo yaliyozidi: anza na hesabu, maneno yafuate

Ukiwa mgeni kwenye kitengo cha mishahara au utumishi, hutakaa muda mrefu kabla hujapewa rasimu ya barua ya kumwambia mfanyakazi kwamba amelipwa zaidi na kwamba atakatwa kidogokidogo. Utaambiwa, "Iangalie Kiswahili tu." Usikubali kuishia hapo. Barua za namna hii mara nyingi huwa na kasoro kwenye tarakimu, na lugha nzuri juu ya tarakimu mbovu humfanya mfanyakazi aamini jambo linalomuumiza.

Chukua rasimu hii, ambayo ni ya kawaida kabisa:

"Uhakiki umebaini kwamba ulipokea malipo ya ziada usiyostahili yenye jumla ya 160,000. Unatakiwa kurejesha kiasi hicho kwa kukatwa 53,334 kwa miezi mitatu kuanzia mwezi huu."

Faili la mfanyakazi linasema hivi. Alikuwa akikaimu nafasi ya msimamizi wa zamu kwa posho ya 40,000 kwa mwezi. Kukaimu kulikoma tarehe 15 Aprili, lakini fomu ya kusitisha posho ilikaa ofisi nyingine na kufika mishahara mwanzoni mwa Agosti. Posho ikalipwa kamili Aprili, Mei, Juni na Julai.

Aliyeandika rasimu alizidisha 40,000 kwa miezi minne. Amesahau kwamba siku 15 za kwanza za Aprili mtu huyu alifanya kazi ya kukaimu na posho yake ni halali. Kwa hiyo Aprili ilizidi 20,000 tu, na miezi mitatu iliyofuata 40,000 kila mmoja. Jumla ni 140,000. Mwezi ambao haki ilikoma katikati ndio unaokosewa zaidi, kwa hiyo uanze nao kila mara.

Bado hatujamaliza. Hiyo 140,000 ni kabla ya kodi. Tuseme posho ilikatwa kodi ya asilimia 25 na haikuhusika na mchango wa pensheni. Basi 35,000 zilikwenda mamlaka ya kodi, na kilichoingia kwenye akaunti yake ni 105,000. Akipokea barua inayodai 140,000, atafungua taarifa ya benki, ataona 105,000, na kuanzia hapo hataamini neno lingine lolote mtakalomwandikia. Ana haki ya kutoamini.

Ni ipi basi ya kuandika? Inategemea makato yatapita wapi kwenye hati ya mshahara, na hili hakikisha unamuuliza anayeendesha mfumo kabla ya kugusa sentensi hata moja. Makato yakiingizwa juu ya mstari wa kodi, yaani kama posho hasi, unarejesha 140,000. Kodi yake inapungua yenyewe kila mwezi, na mkononi anapungukiwa jumla ya 105,000. Yakiingizwa chini ya mstari wa kodi, unarejesha 105,000 tu, na ile 35,000 mwajiri anaifuatilia mwenyewe kwa utaratibu wa kurekebisha kodi. Njia zote mbili zinamgusa mfanyakazi sawasawa, mradi kiwango chake cha kodi hakijabadilika. Kosa la hatari ni kuchanganya: kuandika 140,000 na kuikata chini ya mstari wa kodi. Hapo mfanyakazi anarudisha 35,000 ambazo hazikuwahi kufika mkononi mwake. Kosa hili halionekani kwenye barua. Linaonekana kwenye hati ya mshahara ya mwezi wa kwanza wa makato, kwa hiyo omba hati ya majaribio uione. Na kama makato yatavuka mwaka wa kodi, mtu wa kodi aseme kwanza jinsi ya kuyashughulikia.

Sasa mgawanyo. Miezi mitatu ilichaguliwa kwa sababu inafunga faili haraka, lakini malipo yalizidi kwa vipindi vya mishahara vinne, na si haki kuyarudisha kwa muda mfupi kuliko ule yaliotumia kuingia. 105,000 kwa miezi saba ni 15,000 kwa mwezi, namba nzima isiyo na masalio. Rasimu ilikuwa na 53,334 mara tatu, ambayo ni 160,002. Hata jumla yake yenyewe haikufunga. Kiasi kisipogawanyika sawa, awamu ya mwisho ndiyo ibebe tofauti, na iandikwe hivyo. Halafu angalia kinachobaki mkononi baada ya mikopo na makato mengine aliyonayo, ukilinganisha na ukomo wa makato uliowekwa na sheria inayowahusu. Mimi huangalia hili hata pale ambapo ukomo haujafikiwa, maana mtu mwenye mkopo mkubwa anaweza kubaki na mshahara usiomfikisha mwisho wa mwezi.

Tukishakuwa na tarakimu, barua inakuwa rahisi:

"Ulikaimu nafasi ya msimamizi wa zamu hadi tarehe 15 Aprili, na posho ya kukaimu ilitakiwa kukoma siku hiyo. Taarifa ya kuisitisha haikufika kitengo cha mishahara kwa wakati, nasi tukaendelea kukulipa hadi Julai. Kosa hili ni letu na tunaomba radhi. Kiasi kilichozidi ni 140,000 kabla ya kodi, yaani 105,000 zilizoingia kwenye akaunti yako. Jedwali lililoambatanishwa linaonyesha kila mwezi ulilipwa nini na ulistahili nini.

Tunapendekeza mshahara wako unaoingia mkononi upungue kwa 15,000 kwa mwezi kwa miezi saba, kuanzia Septemba hadi Machi. Kama kiasi hiki kitakuelemea, au unaona hesabu zetu zina kosa, tuandikie kabla ya tarehe 10 Septemba. Hatutaanza kukata kabla hatujakubaliana nawe kwa maandishi."

Tazama nini kimebadilika. "Ulipokea malipo usiyostahili" inamweka mfanyakazi kwenye kiti cha mtuhumiwa. "Tukaendelea kukulipa" inaeleza kilichotokea. "Uhakiki umebaini" haisemi chochote, ilhali fomu iliyochelewa ni sababu inayoeleweka, na mtu anaweza kuithibitisha. Usitaje jina la ofisa aliyechelewesha fomu.

Neno "tunapendekeza" lina masharti yake. Ukiliandika, tarehe ya majibu lazima itangulie siku mnayofunga mishahara ya mwezi wa kwanza wa makato, kwa nafasi ya kutosha kubadilisha kiasi. Nimeona barua inayompa mtu hadi tarehe 25 kujibu wakati mishahara inafungwa tarehe 18. Hilo lilikuwa agizo lililovikwa nguo ya pendekezo, na mfanyakazi aliligundua siku ya malipo. Ukimya nao usiuhesabu kuwa idhini. Asipojibu, mpigie simu au kaa naye, kisha upate sahihi, maana sehemu nyingi sheria inataka ridhaa ya maandishi kwa makato ya aina hii.

Weka pia sentensi moja kuhusu kuondoka kazini: akiacha kazi kabla ya Machi, salio litajadiliwa naye kabla ya malipo ya mwisho. Wengi huandika kwamba salio lote litakatwa mara moja. Usiandike hivyo kabla mwanasheria hajathibitisha kuwa inaruhusiwa kwenye malipo ya mwisho, kwa sababu humo huwa kuna fedha za likizo ambazo zinaweza kuwa na ulinzi wake.

Mwisho, soma barua na jedwali kwa pamoja, ukigusa kila namba kwa kalamu: 20,000, kisha 40,000 mara tatu, toa kodi, gawa kwa saba. Zikikubaliana zote na hati ya majaribio, ipeleke isainiwe.