Wastani wa Beringi Moja kwa Mwezi: Kukadiria Mahitaji ya Spea Zinazotoka kwa Nadra

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya ununuzi katika usafirishaji wa mizigo jijini Dar es Salaam, na spea iliyonifundisha zaidi kuhusu makadirio ni beringi ya nje ya habu ya tela. Haitoki kila wiki kama filta za oili, lakini ikikosekana tela halitembei. Leja ya miezi 24 ilionyesha kuwa imetoka mara 5 tu: beringi 4 katika mwezi wa 3, 6 mwezi wa 8, 2 mwezi wa 12, 8 mwezi wa 18 na 4 mwezi wa 21. Jumla yake ni 24, na katika miezi 19 iliyosalia haikutoka hata moja.

Ukigawa 24 kwa 24 unapata wastani wa beringi 1 kwa mwezi. Kwa kuwa mzigo wetu ulichukua miezi 2 tangu kuagizwa hadi kuingia stoo, nilikuwa nimepanga, kwa hesabu ya namna hiyo hiyo, kwamba tuagize pale zinapobaki beringi 3: mbili za kutuvusha miezi ya kusubiri na moja ya tahadhari. Fundi alipoleta ombi la beringi 8 katika ule mwezi wa 18, rafuni zilikuwepo 3. Tano tulizitafuta madukani Kariakoo kwa bei ya juu kuliko ya mwagizaji wetu, na tela lililokuwa limepangiwa safari ya Tunduma likalala karakana likisubiri.

Tatizo halikuwa bahati mbaya ya mwezi mmoja. Katika mara zote 5 ambazo beringi zilihitajika, akiba ya 3 ingetosha mara moja tu, pale zilipotakiwa 2. Sababu yake unaiona ukisimama karibu na fundi anapofungua gurudumu. Tela la ekseli tatu lina habu 6, na kila habu ina beringi ya ndani na ya nje, ambazo kwetu zina saizi tofauti na namba tofauti katika leja. Fundi makini akikuta beringi ya upande mmoja imeanza kuchubuka hubadilisha pande zote mbili za ekseli, hivyo ombi huja kwa 2, 4 au 6. Beringi 1 kwa mwezi, ambayo ndiyo tuliyoipangia ununuzi, haikuwahi kuombwa na mtu yeyote, na katika akiba ya 3 beringi moja hubaki bila mwenzake.

Wanunuzi wengi wakiliona hili hukimbilia wastani wa miezi 3 ya karibuni, wakiamini kwamba utafuata hali ilivyo, lakini kwa spea za aina hii huo hupotosha zaidi. Mwishoni mwa mwezi wa 17 wastani huo ulikuwa sifuri, kwa sababu miezi 3 iliyotangulia haikuwa na ombi lolote, na mwezi uliofuata zikatakiwa 8. Baada ya hapo wastani ukapanda hadi 2.7 na kukaa hapo kwa miezi 3. Makadirio huwa chini kabisa kabla ya haja kutokea na juu kabisa inapokuwa imekwisha kupita, nasi huandika oda wakati huo huo ambapo rafu imetoka kupungua. Ndivyo stoo inavyojaa spea ambazo vumbi lake halifutwi mwaka mzima.

Mtafiti J. D. Croston aliieleza kasoro hii mwaka 1972, akapendekeza tukadirie mambo mawili, kila moja peke yake: ombi huwa la ukubwa gani linapokuja, na hupita muda gani kati ya ombi na ombi. Kwa beringi zetu ukubwa wa wastani ni 4.8, na nafasi kati ya maombi ni miezi 4.5. Ukigawa unapata 1.07 kwa mwezi. Baadaye Aris Syntetos na John Boylan walionyesha kwamba njia hiyo hukadiria juu kidogo, na wakatoa marekebisho ya kuishusha. Lakini tazama tulikorudi: ni karibu beringi ile ile 1 kwa mwezi. Faida ya kutenganisha ni kwamba sasa unaona namba 4.8 na 4.5 zilizokuwa zimefichwa ndani ya moja. Mnunuzi akizigawanya na kutumia jibu peke yake, amerudi kwenye kosa la mwanzo.

Swali analopaswa kujiuliza ni hili: katika miezi 2 ninayosubiri mzigo, mahitaji yanaweza kufika wapi? Katika Excel, ikiwa matumizi ya kila mwezi yako safu ya B kuanzia B2, andika fomula hii mbele ya mwezi wa kwanza kisha uivute hadi mwezi wa 23:

```
=SUM(B2:B3)
```

Utapata jumla 23 za miezi miwili miwili inayofuatana. Kwa beringi zetu, 13 kati yake ni sifuri, 2 ni beringi 2, 4 ni beringi 4, 2 ni beringi 6, na 2 ni beringi 8. Akiba ya 4 ingetosha katika vipindi 19 kati ya 23, ya 6 katika 21, na ya 8 katika vyote. Hapo mwenye fedha anaweza kuamua kwa kuona anachonunua. Vipindi vyenye sifuri visikufariji, kwani hata rafu tupu ingevitosheleza. Angalia pia kwamba akiba ya 4 ingejibu maombi 3 tu kati ya 5. Na muda wa kusubiri ukirefuka hadi miezi 4, ombi la mwezi wa 18 na la mwezi wa 21 huangukia kipindi kimoja, na kilele hupanda kutoka 8 hadi 12.

Kabla sijapandisha akiba hadi 8 nilikaa na msimamizi wa karakana tukapitia kadi za kazi. Ilionekana kwamba beringi 6 za mwezi wa 8, na 6 kati ya zile 8 za mwezi wa 18, zilikuwa za matengenezo makubwa ya matela mazima, ambayo karakana ilikuwa imeyapangia tarehe mapema bila stoo kujulishwa. Mahitaji ya namna hiyo hayakadiriwi; huulizwa. Tukiyaondoa yanabaki 4, 2, 2 na 4, na hakuna miezi miwili iliyozidi 4. Tukaweka 4 rafuni, na karakana ikakubali kutupa taarifa miezi 3 kabla ya kila tengenezo kubwa ili beringi 6 ziagizwe kwa ajili ya tela hilo. Bila taarifa inayozidi muda wa mzigo, hesabu hii haifai, na ingebidi turudi kwenye 8.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hakuna fomula italigundua. Leja huandika kilichotoka, siyo kilichoombwa. Fundi akikuta rafu tupu akaenda kununua mwenyewe kwa fedha ndogo za ofisi, mwezi huo huandikwa sifuri, na sifuri hiyo huingia katika kila hesabu niliyoieleza na kuishusha. Katika faili la stakabadhi za fedha hizo nilikuta manunuzi ya spea ambazo kadi zake stoo zilionyesha hazijahitajika kwa mwaka mzima. Kadi zetu sasa zina safu mbili, ya idadi iliyoombwa na ya idadi iliyotolewa, na mimi hukadiria kwa kutumia ile ya kwanza.