Jeraha la panga au la kitu butu?

"Mgonjwa anasema alikatwa panga kwenye paji la uso. Kwenye ripoti ya mahakama niandike 'jeraha la panga'?"

Hapana. Panga ni maelezo ya mgonjwa, kwa hiyo liandikwe kwenye historia kama kauli yake, na sehemu ya uchunguzi ibaki na yale tu uliyoyaona na kuyapima. Anayesema kwamba kingo za jeraha zilizonyooka zinathibitisha kitu chenye makali amepatia nusu, kwa sababu ngozi iliyolala juu ya mfupa hupasuka kwa mstari ulionyooka hata ikipigwa na kitu butu. Safisha damu, fungua kingo taratibu na utazame ndani kwa lenzi.

Niliwahi kumwona mgonjwa aliyetoa maelezo kama hayo, mwenye jeraha la sentimita 4 juu ya nyusi ya kushoto, lakini kingo zilikuwa zimechubuka na nyuzi za tishu zilivuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ilhali makali yangezikata. Niliandika kwamba jeraha linalingana na pigo la kitu butu. Hilo halikumfanya mgonjwa kuwa mwongo, maana bapa au mpini wa panga pia ni butu, na kuamua nani anasema kweli ni kazi ya hakimu.

Ikiwa jeraha limeshashonwa kabla hujaliona, sema hivyo waziwazi, kwa kuwa kingo zilizoshonwa hazitoshi kutofautisha jeraha la makali na la kitu butu.